Chemba ni Bomba Lililofunguliwa Mgongo

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kitu ambacho nyua nyingi za mjini zinacho, nacho hukanyagwa kila siku bila kutazamwa. Ni chemba za majitaka, yale mashimo madogo ya tofali yenye mifuniko ya zege, yanayofuatana kutoka chooni hadi kwenye tangi la septiki. Nina mawazoni zaidi nyua za Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa ya makazi haijafikiwa na bomba kuu la majitaka, na kila mwenye nyumba hubeba mzigo wake mwenyewe kutoka chooni hadi karibu na geti. Katika nyua hizo bomba huziba, na linapoziba lawama humwangukia mpangaji aliyetupa pampasi au mtoto aliyetumbukiza tambara. Lawama hiyo huenda ikawa ya haki. Lakini nasema kwamba mziba mwingi huandaliwa na fundi kabla mpangaji hajahamia, kwa sababu chemba imejengwa kama sanduku la kukusanyia maji, wakati kazi yake ni kuwa sehemu ya bomba. Chemba ni bomba lililofunguliwa mgongo. Ukiishika kauli hiyo moja, utajua chemba ikae wapi, sakafu yake iweje, na itakufaa nini siku maji yatakaporudi bafuni.

Tuanze na safari ya kinyesi ndani ya bomba, maana humo ndimo hoja yote ilimo. Bomba la uani halijai maji kama bomba la maji safi. Choo kinapovutwa au kumwagiwa ndoo, lita 6 hadi 9 hivi hushuka kwa pamoja kama wimbi dogo. Wimbi hilo hubeba kinyesi na karatasi kwa umbali fulani, kisha maji huutangulia mzigo, kina chake hupungua, na mzigo hutua juu ya tumbo la bomba. Hapo husubiri mtu mwingine aingie chooni, wimbi la pili lije, liusukume hatua nyingine. Ni safari ya kwenda na kutua, kwenda na kutua, mpaka septiki. Vitu viwili ndivyo vinavyoilinda. Cha kwanza ni mteremko usiobadilika, ambao kwa bomba la inchi 4 umezoeleka kuwa 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita ya urefu. Cha pili ni wembamba wa njia, kwa kuwa maji machache yakibanwa katika njia nyembamba hubaki na kina, na kina ndicho kinachoubeba mzigo. Maji yakipata nafasi ya kutanda, kina hutoweka, na nguvu ya kubeba hutoweka nacho.

Sasa tazama chemba inavyojengwa katika nyua nyingi. Fundi huchimba shimo, humwaga zege chini, hupandisha kuta za tofali, huingiza bomba upande mmoja na kulitoa upande wa pili, hupiga lipu, hufunika. Sakafu huiacha bapa, na mara nyingi huiacha chini ya bomba la kutokea. Tuseme chemba ina upana wa sentimita 60 kwa 60 kwa ndani, na sakafu iko sentimita 15 chini ya tumbo la bomba la kutokea. Zidisha, utapata lita 54. Hizo lita 54 haziondoki kamwe, kwa sababu maji hayawezi kupanda kulifikia bomba mpaka kwanza yajaze shimo. Wimbi letu la lita 6 au 9 likitoka kwenye bomba huangukia katika dimbwi hilo na kufa papo hapo. Kinachotoka upande wa pili ni maji ya juu tu, yaliyomwagika polepole kwenye ukingo. Kizito huzama chini, chepesi huelea na kuganda kama utando, na siku hadi siku utando wa juu na tope la chini hukaribiana mpaka mdomo wa bomba la kutokea unabaki tundu. Ikifika hapo pampasi haihitajiki tena. Karatasi chache zinatosha.

Dawa ya jambo hili ni ya kale, na mafundi waliosomea wanaijua kwa jina la benchingi. Mimi nitaiita mabega, kwa sababu ndivyo inavyoonekana. Katikati ya chemba, kutoka mdomo wa bomba linaloingia hadi mdomo wa bomba linalotoka, hupita mfereji wa nusu duara, wenye upana uleule wa bomba na mteremko uleule wa bomba. Mfereji huo unaweza kuwa bomba lenyewe lililopasuliwa kwa urefu, au kuchongwa katika zege kwa kutumia kipande cha bomba kama kalibu. Juu ya nusu duara hiyo, kingo za mfereji huendelea kupanda wima mpaka zifikie usawa wa mgongo wa bomba la kutokea. Kwa bomba la inchi 4, basi, mfereji una kina cha kama sentimita 10: 5 za chini ni duara, 5 za juu ni kuta zilizosimama. Kutoka kwenye kingo hizo ndipo mabega yanapoanza, zege inayopanda taratibu kuelekea kuta za chemba pande zote mbili. Mwinuko wake ni mdogo. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, na kwa chemba ya sentimita 60, ambamo kila bega lina upana wa sentimita 25, hiyo ni kama sentimita 2 tu za kupanda. Kona ya bega na mfereji huzungushwa isiwe kali, kisha yote hupigwa niru, yaani saruji tupu iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka inateleza.

Kila kipimo hapo kina sababu yake. Kingo za mfereji hupandishwa hadi mgongo wa bomba ili wimbi la kawaida lipite ndani ya njia lisitande. Zikiishia nusu, bomba likijaa kidogo tu maji hupanda mabegani na kuacha karatasi huko. Mabega huinuliwa ili siku chemba ikifurika, maji yanaposhuka yarudi yenyewe mferejini pamoja na uchafu wake. Bega bapa huacha kinyesi kikikauka pembeni, na hicho ndicho chakula cha mende. Bega lenye mwinuko mkali mno nalo lina kasoro, kwa kuwa katika chemba ndefu ya kwenda chini fundi hana pa kuweka mguu wala kifaa bila kuteleza. Na niru ni kinga dhidi ya mshiko, kwani zege yenye kokoto zilizojitokeza hukamata nyuzi za tambara, na nyuzi zilizokamatwa hukamata nyingine. Bomba la pembeni, tuseme la jikoni, linapoingia katika chemba hiyo, halitakiwi kuchomoza kwenye sakafu likielekeana uso kwa uso na bega la upande wa pili. Huletwa kwa kupinda, likiufuata mwelekeo wa maji makubwa, na mdomo wake hukaa juu ya nusu ya kina cha mfereji, ili maji ya choo yasipande humo na kuacha mzigo.

Hapa kuna pingamizi ambalo mafundi wengi hulitoa kwa dhati, nami siwezi kulipita. Wanasema kwamba shimo la chini limewekwa makusudi, ili mchanga na takataka nzito zitulie ndani ya chemba, zizolewe kwa koleo, badala ya kwenda kujaza septiki. Ukweli uliomo ni huu: mchanga ni adui wa septiki, na katika ua ambao vyombo husuguliwa kwa mchanga au majivu na sakafu hufagiliwa kuelekea bombani, mchanga ni mwingi. Lakini mahali pa kuukamata ni kabla haujakutana na kinyesi. Karo la jikoni na mahali pa kufulia huwekewa kishimo chake cha mtego, chenye sehemu ya chini ya kutulia mchanga na nafasi ya juu ya kuelea mafuta, na kishimo hicho mtu anaweza kukizoa kila wiki bila kinyaa kikubwa. Ndani ya chemba ya choo mchanga hautulii peke yake. Hutulia pamoja na kinyesi na mafuta, ukawa tope zito ambalo hakuna mtu katika ua atakayelizoa kwa hiari mpaka siku limeshaziba. Mtego ambao hauzolewi ni mziba unaosubiri. Na septiki, kwa upande wake, imejengwa ili kinyesi kitue humo, na ina nafasi ya gari la majitaka kuja kuvuta. Tusiifanye kila chemba kuwa septiki ndogo isiyo na gari.

Swali la pili ni la mahali na nafasi. Kanuni ya mahali ni nyepesi kukumbuka ukishajua kwamba chemba ni mlango wa kuingilia bombani. Mlango unahitajika pale ambapo kifaa hakiwezi kupita chenyewe. Kwa hiyo chemba huwekwa mwanzo wa njia, karibu na choo, kila bomba linapokata kona, kila mabomba mawili yanapokutana, na kila mteremko au ukubwa wa bomba unapobadilika. Kona ndiyo inayosahauliwa zaidi. Fundi hufika pembe ya nyumba, huweka elbo ya nyuzi 90, hufukia, na juu yake huja pevingi. Maji yatapita, ila fito za kuzibulia hazitapita. Zikifika kwenye elbo hugonga, hujipinda, na fundi hudhani amefikia mziba kumbe amefikia ukuta wa bomba. Akizidisha nguvu, hulitoboa. Mziba wenyewe nao hupenda kona hiyohiyo, kwa kuwa ndipo mwendo unapopungua. Elbo mbili za nyuzi 45 zilizoachana kidogo ni afadhali kuliko moja ya 90, lakini hazichukui nafasi ya chemba.

Kwenye njia iliyonyooka, je, chemba ziachane kiasi gani? Miongozo ya ujenzi ya Uingereza, ambayo wahandisi wetu wengi wameisoma, huruhusu hadi mita 45 kati ya chemba na chemba. Kipimo hicho kina mantiki yake mahali ambapo mzibuaji huja na gari lenye mpira mrefu wa maji ya kasi, au na fito nyingi. Hoja yangu ni kwamba nafasi ya chemba katika ua ipimwe kwa mkono wa mtu atakayekuja kuzibua, na wala si kwa kitabu. Fundi wa mtaani huja na seti ya fito, mara nyingi 10, kila moja karibu mita 1, zinazofungana kwa skrubu. Katika hizo mita 10, kama mita 1.5 hubaki nje ya bomba: sehemu iliyo mkononi mwake na ile inayoshuka ndani ya chemba ikijipinda kuingia mdomoni. Kinachofika ndani ni mita 8.5. Akizibua kutoka chemba ya juu na kutoka ya chini, anafikia mita 17 jumla. Mahali chemba zimeachana mita 20 au 30, katikati kuna kipande ambacho hakuna anayekifikia, na kipande hicho kikiziba dawa yake ni sururu.

Tuichukue nyumba moja ya mfano, msikilizaji, tuifuate bomba kwa bomba. Ni nyumba ya vyumba vya kupangisha, choo na bafu viko nyuma, jiko liko ubavuni, na septiki iko mbele karibu na geti ili gari la majitaka liifikie. Chemba ya 1 iko nyuma, hatua moja au mbili kutoka ukuta wa choo. Kutoka hapo bomba hufuata ukuta wa nyuma mita 8 hadi pembe ya nyumba, na hapo ndipo chemba ya 2 inapokaa, kwa sababu mbili kwa pamoja: njia inakata kona, na bomba la jikoni linajiunga. Kutoka pembe hiyo bomba linakwenda mbele ubavuni mwa nyumba mita 18 hadi chemba iliyo mbele ya septiki. Fundi mwenye haraka ataziacha mita 18 hizo bila mlango, akisema ni njia iliyonyooka. Lakini seti yetu ya fito inafikia mita 17, basi mita 1 ya katikati itabaki haina mtu. Ukiweka chemba ya 3 katikati, mita 9 kutoka ya 2 na mita 9 kutoka ya 4, kila kipande kinafikiwa kutoka pande zote mbili. Jumla ni chemba 4 kwa njia ya mita 26. Kwa mteremko wa 1 kwa 40 bomba litashuka sentimita 65. Likianza sentimita 45 chini ya ardhi kwenye chemba ya 1, litakuwa sentimita 110 kwenye chemba ya 4 ikiwa ua ni tambarare. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kuchimba septiki, kwa sababu septiki ikiwa imejengwa juu mno, fundi ataibia mteremko ili bomba lifike, na mteremko ulioibiwa hauwezi kurudishwa na chemba yoyote. Ukubwa wa chemba nao hufuata kina: sentimita 45 kwa 45 hutosha pale juu, lakini kule mbele ambako ni zaidi ya mita 1 kwenda chini, fito zinahitaji nafasi ya kujipinda, na upana usipungue sentimita 60.

Sasa maji yamerudi bafuni. Katika nyumba isiyo na chemba hapo ndipo pevingi huanza kung'olewa kwa kubahatisha. Katika nyumba yetu, mtu anafunua mifuniko na kusoma. Chemba zote zikiwa kavu na choo kimejaa, mziba uko kati ya choo na chemba ya 1. Chemba zote 4 zikiwa zimejaa, kosa liko mbele ya chemba ya 4. Mara nyingi septiki imejaa au shimo la kunyonya maji limechoka, na hapo fito hazitasaidia, gari ndilo la kuitwa. Lakini tuseme chemba ya 1 imejaa, ya 2 imejaa, ya 3 ni kavu. Basi mziba uko kati ya 2 na 3, katika mita 9 tu za ua mzima, na hapo kuna maelezo mazuri: ni kipande cha kwanza baada ya jiko kujiunga, ambapo mafuta ya kupikia hupoa, huganda kwenye kuta za bomba na kushika mchanga. Wapangaji huambiwa wasimwage maji kwa muda. Fundi huenda kwenye chemba kavu, ya 3, huweka wavu au reki mbele ya mdomo wa kutokea, kisha huingiza fito kwenye mdomo wa kuingilia, akielekea juu. Huanza upande mkavu kwa sababu anauona mdomo wa bomba, na kitakachotoka atakikamata kabla hakijasafiri kwenda kuziba mbele. Husimama pembeni, maana mziba ukiachia, maji ya chemba mbili huja kwa mkupuo.

Mambo mawili ya kazi hiyo nayataja kwa sababu hukosewa. Fito huzungushwa upande mmoja tu, kufuata mwendo wa mishale ya saa, wakati wa kuingiza na hata wakati wa kuvuta. Akizungusha kinyume, skrubu hufunguka ndani ya bomba, na sasa kuna mziba wa chuma au plastiki juu ya mziba wa mafuta. La pili, fito zihesabiwe. Kama ugumu umekutwa fito ya 6 inapoishia, toa ile mita 1.5, mziba uko mita 4.5 kutoka chemba ya 3. Andika. Mziba ukirudi baada ya miezi michache palepale mita 4.5, huo si utupaji wa taka wa mpangaji, kwa kuwa taka haichagui mahali pamoja kila mara. Ni bomba lililodidimia, kiungo kilichoachana, au mzizi wa mti ulioingia kwenye kiungo. Hapo utachimba shimo moja dogo mahali unapopajua. Katika kazi yote hiyo mabega yanafanya jambo ambalo halionekani juu: mfereji huongoza kichwa cha fito moja kwa moja mdomoni mwa bomba, hata kama fundi amelazimika kuanza upande uliojaa na haoni kitu. Katika sanduku la sakafu bapa hupapasa kuta gizani. Na bonge lililotoka, likikosa kukamatwa, huteleza mferejini na kuendelea, badala ya kutulia katika dimbwi na kuanza mziba wa pili siku hiyohiyo.

Najua gharama itatajwa. Mwenye nyumba husema chemba ya 3 katika mfano wetu ni mzigo wa bure, bomba lililonyooka halihitaji mlango. Tuihesabu kwa vifaa. Chemba ndogo yenye kina kisichofika mita 1 hula tofali za inchi 6 zisizofika 30, mfuko mmoja hadi miwili ya saruji, mchanga, kokoto kidogo, vipande vya nondo vya mfuniko, na siku moja au mbili za fundi. Mabega yenyewe ni karai chache tu za zege ndani ya hesabu hiyo. Upande wa pili wa mizani kuna kung'oa pevingi, kuchimba karibu mita 1 kwenda chini kandokando ya msingi wa nyumba, kukata bomba, kuunga, kufukia, kushindilia na kupanga upya, na wakati huo wote kaya kadhaa hazina choo. Na kazi hiyo haikuachii mlango. Mziba ukirudi, utachimba tena. Mwenye kupunguza chemba hajaokoa fedha, ameahirisha malipo na kuyaongeza.

Wengine wanaogopa harufu na mende, wakasema chemba nyingi ni mashimo mengi ya uvundo. Uvundo hutokana na majitaka yaliyosimama yakaoza, na majitaka husimama pale penye dimbwi. Chemba yenye mfereji na mabega, dakika chache baada ya choo kuvutwa, huwa haina kitu ndani ila unyevu. Mfuniko ukikaa vizuri kwenye fremu yake, na bomba la hewa likiwapo mwanzoni mwa njia na kupanda juu ya paa, hakuna cha kunuka. Mfuniko huo ndio unaotendewa vibaya kuliko yote. Wengine huufukia chini ya pevingi ua upendeze, na chemba isiyofunuka haina tofauti na chemba isiyojengwa. Wengine, masika yakituamisha maji uani, huufunua wao wenyewe ili mvua iingie humo. Maji huondoka, lakini huondoka na mchanga wa ua mzima, na mchanga huo hutua mferejini na septiki hujaa kwa siku moja. Mfuniko uonekane, uwe na kishikio cha nondo, ukae sentimita chache juu ya ardhi, na maji ya mvua yatafutiwe mfereji wake mwenyewe.

Chemba nzuri ina mipaka, na ni haki kuisema. Haitarekebisha bomba lililolazwa likirudi nyuma, wala septiki ndogo kuliko watu wa nyumba, wala shimo la kunyonya lililochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi au mahali maji ya ardhini yako juu. Inachofanya ni kukuonyesha ni lipi kati ya hayo linalokusumbua. Maji yakibaki yamesimama katika mfereji baada ya mmiminiko kwisha, tatizo liko mbele yake. Alama ya uchafu ukutani juu ya mabega inakwambia chemba imewahi kufurika, hata kama leo ni kavu. Ukisimama chemba moja na mwenzako akamulika tochi kutoka ya pili, mwanga mzima wa duara unasema bomba limenyooka, na mwanga uliokatwa chini unasema kuna tope au limedidimia. Usalama nao una mpaka wake: chemba fupi huzibuliwa ukiwa umesimama nje, na mtu asiingie kamwe ndani ya septiki au chemba ndefu iliyofungwa siku nyingi, kwa sababu hewa ya humo huua kabla mtu hajajua kwamba amelemewa. Njiti ya kibiriti nayo isiwashwe juu ya shimo lililofunuliwa punde.

Basi, msikilizaji unayejenga au unayekarabati, ninakuomba jambo moja. Kabla fundi hajafukia mtaro na kabla hujamlipa fungu la mwisho, mwambie afunue mifuniko yote. Chukua ndoo ya lita 10, mimina kwa mkupuo katika chemba ya 1 ukiwa umetupia humo vipande vichache vya karatasi, kisha tembea na maji hayo hadi chemba ya mwisho. Karatasi zikionekana zikipita mferejini, na nyuma yake kila sakafu ikabaki haina dimbwi, mruhusu afukie. Ukiona maji yametanda, yamesimama au yamepanda mabegani, mwambie avunje sakafu hiyo leo, saruji ikiwa bado changa.